Mtoto Mwembamba, Damu Yenye Mafuta

Kolesteroli ikitajwa, wengi humfikiria mtu mzima mwenye kitambi na sahani ya nyama choma mbele yake. Mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, anayeshinda akikimbia uwanjani, hamjii mtu akilini. Hata hivyo huenda ndiye mwenye kolesteroli ya juu kuliko wote nyumbani kwao. Haumwi popote, hana homa, anakula na kulala vizuri. Tatizo lake halikuanzia sahanini. Alizaliwa nalo.

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili unaihitaji kujengea seli na homoni. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Aina inayoleta madhara ikizidi huandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara. Kwa kawaida ini huinasa LDL kutoka kwenye damu kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Watu wengine hurithi hitilafu inayopunguza vipokezi hivyo au kuvifanya visifanye kazi sawasawa, hivyo LDL hubaki ikizunguka na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu tangu utotoni. Wanasayansi wa Marekani Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua utaratibu huu kwa kuchunguza seli za wagonjwa wa aina hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Hitilafu hii si adimu. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 250 hivi duniani anayo, na mzazi mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto anayemzaa. Asipotibiwa, mwanamume mwenye hali hii anakaribia nusu ya uwezekano wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kutimiza miaka 50.

Mara chache sana mtoto huirithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Huyo kolesteroli yake hupanda mno, na mshtuko wa moyo unaweza kumpata kabla hajafika miaka 20. Ndiye pekee ambaye dalili zake huonekana kwa macho mapema: vinundu vya manjano kwenye viwiko, magoti, matako au katikati ya vidole, na uvimbe mgumu kwenye mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Vinundu hivyo haviumi wala haviwashi, kwa hiyo ni rahisi kuvichukulia kama ugonjwa wa ngozi na kuvipaka dawa miezi na miezi. Mtoto mwenye vinundu vya namna hiyo apimwe mafuta kwenye damu bila kusubiri.

Kwa wengine wote hakuna cha kuona, na ndiyo maana daktari anayejua kazi yake huanza kwa kuuliza habari za ukoo. Katika familia nyingi vifo vya ghafla husimuliwa kwa maneno mafupi: alianguka shambani, presha ilimpanda, alilala hakuamka. Kinachotakiwa ni umri. Ikiwa baba, babu, mjomba, baba mdogo au kaka wa mtoto alipata mshtuko wa moyo au kiharusi kabla ya miaka 55, au mama, bibi, shangazi au dada kabla ya miaka 65, mtoto huyo anashauriwa kupimwa kuanzia umri wa miaka 2. Ushauri ni huohuo ikiwa mzazi anajulikana kuwa na kolesteroli ya juu, au mtoto mwenyewe ana kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa sugu wa figo au unene uliopita kiasi. Kabla ya miaka 2 kipimo hakishauriwi kama desturi.

Je, mtoto asiye na lolote kati ya hayo? Hapa wataalamu hawajakubaliana. Jopo la Marekani lililotoa mwongozo mwaka 2011, ambao chama cha madaktari wa watoto wa huko kiliuunga mkono, lilishauri kila mtoto apimwe mara moja kati ya miaka 9 na 11, kisha tena kati ya miaka 17 na 21. Jopo jingine la nchi hiyohiyo lilisema mwaka 2023 kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuunga mkono wala kupinga kuwapima watoto wote. Slovenia haikungoja mjadala huo uishe: tangu miaka ya 1990 huwapima watoto wanapofika miaka 5 hivi. Kwa mzazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambaye huenda akalipia kipimo hicho mfukoni mwake, historia ya ukoo ndiyo sababu ya kwanza na nzito ya kwenda maabara.

Kuna sababu ya kuchagua miaka 9 hadi 11. Balehe ikianza, kolesteroli hushuka yenyewe kwa muda, kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Kijana wa miaka 14 anaweza kupimwa, akaambiwa yuko sawa, na tatizo likajitokeza upya ukubwani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa msichana wa miaka 9 ambaye baba yake alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 42. Kipimo cha kwanza hakimlazimu kukaa na njaa. Damu yake inaonyesha jumla ya kolesteroli milimoli 7.6 kwa lita, na HDL, ile aina isiyodhuru, ni 1.3. Daktari anatoa 1.3 kwenye 7.6, inabaki 6.3. Kwa mtoto, tofauti hiyo ikifika 3.8 tayari ni ya juu.

Hapewi dawa siku hiyo. Anaitwa tena asubuhi kabla hajala, na baada ya wiki kadhaa anapimwa mara ya pili kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi kumwekea mtoto jina la ugonjwa. LDL inatoka 5.8, kisha 5.4, wastani 5.6. Kiwango kinachotakiwa kwa mtoto ni chini ya 2.8, na kuanzia 3.4 huhesabiwa kuwa cha juu. Daktari anapima pia tezi ya shingo, figo na sukari, maana zote zikiharibika zinaweza kupandisha kolesteroli. Zikiwa salama, LDL inayobaki kwenye 5 au zaidi, pamoja na habari za baba, huelekeza moja kwa moja kwenye kolesteroli ya kurithi.

Mambo mawili huharibu kipimo hiki mara kwa mara. La kwanza ni kumpima mtoto aliyetoka kuugua malaria au homa kali. Maambukizi hushusha kolesteroli, na majibu yatadanganya, hivyo ni heri kungoja wiki tatu au zaidi baada ya kupona. La pili ni karatasi yenyewe. Maabara nyingi huchapa viwango vya watu wazima, ambavyo huonyesha jumla ya kolesteroli hadi 5.2 kuwa sawa. Kwa mtoto inatakiwa chini ya 4.4, na 5.2 tayari ni ya juu. Mzazi amwombe daktari aisome karatasi kwa viwango vya watoto. Kama namba ziko katika makumi na mamia, mfano 190, maabara imetumia miligramu kwa desilita. Igawanywe kwa 38.7 ili kupata milimoli.

Majibu yakiwa ya juu, mzazi mwenye hofu anaweza kumdhuru mtoto jikoni. Mtoto anakua, na ubongo wake unahitaji mafuta. Maziwa ya mama yenyewe hutoa karibu nusu ya nguvu yake kutokana na mafuta, na yana kolesteroli. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 2 asipunguziwe mafuta bila daktari kuagiza, na maziwa yaliyoondolewa mafuta si yake. Baada ya umri huo, lililo salama ni kubadilisha aina ya mafuta, na mtoto aendelee kushiba.

Utafiti ulioanza Turku, Finland, mwaka 1990 uliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 tangu wakiwa na miezi 7. Familia za nusu yao zilishauriwa kupunguza mafuta yanayoganda na kutumia zaidi mafuta ya mimea yasiyoganda. Watoto hao walikua kwa urefu na akili sawa na wenzao, na kolesteroli yao ilikuwa chini kidogo. Tukumbuke kwamba walikuwa na wataalamu wa lishe waliowafuatilia kwa karibu. Hapa kwetu mtoto apimwe uzito na urefu kila baada ya miezi michache, na mstari wa ukuaji ukianza kulala, lishe irekebishwe mara moja.

Kwa jiko la Kiswahili, mabadiliko yanaanzia kwenye chupa ya mafuta na kifuu cha nazi. Mafuta ya nazi yana mafuta mabaya kwa moyo zaidi ya asilimia 80, mawese karibu nusu, alizeti kama sehemu moja ya kumi. Familia ya msichana wetu inaacha mafuta ya kuganda na samli na kutumia alizeti kwa kiasi. Maharage na mchicha yanapikwa kwa nyanya na karanga zilizosagwa siku nyingi za wiki, na tui zito linabaki kwa siku maalumu. Samaki anachemshwa au anaokwa, kuku anavuliwa ngozi, chipsi na viazi karai haviliwi kila siku. Dona linachukua nafasi ya sembe, parachichi na matunda nafasi ya soda. Kucheza mpaka jasho litoke, saa moja kwa siku, kunafaa, na mvuta sigara avutie mbali na mtoto.

Yasiyofaa ni kumfungisha mtoto ili apungue, chai za kupunguza uzito, dawa za mitishamba za "kusafisha mishipa", na kumkatia mtoto kidonge cha kolesteroli cha baba yake.

Baada ya miezi 6 LDL ya msichana imeshuka kutoka 5.6 hadi 5.0. Familia haijakosea popote. Kwa kolesteroli ya kurithi chakula huondoa takriban sehemu moja ya kumi tu, mara chache zaidi. Akifika miaka 10 na LDL ikiwa bado 4.9 au zaidi, daktari huzungumza na wazazi kuhusu dawa za kundi la statini, kwa vipimo vya ini na ufuatiliaji wa ukuaji.

Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia kwa miaka 20 watoto 214 wenye kolesteroli ya kurithi walioanza dawa hizo utotoni. Kufikia umri wa miaka 39, asilimia 1 walikuwa wamepata tatizo la moyo au mishipa. Kati ya wazazi wao wenye hitilafu ileile, ambao enzi zao statini hazikuwepo kwa watoto, waliokuwa wamepata tatizo hilo katika umri huohuo walikuwa asilimia 26.

Mtoto mmoja akigunduliwa, ndugu zake wote na wazazi wote wawili wapimwe. Na kama babu au bibi angali hai, aulizwe leo nani katika ukoo alikufa ghafla na alikuwa na umri gani, kisha majibu yake yaandikwe kwenye daftari la kliniki la mtoto.