Soma Upepo wa Shamba Lako Kwenye Miti Iliyopinda

Leo tuzungumzie miti ile ya karibu na bahari ambayo matawi yake yote yamelala upande mmoja, kama bendera iliyovutwa na upepo. Wengi tunaipita tu. Lakini kama unataka kupanda miti ya kukinga migomba au mipapai yako, anzia hapo, maana inakuonyesha upepo unaoumiza mimea unatoka wapi.

Kwanza tuelewe mti unakuwaje hivyo. Upepo wa baharini hubeba matone madogo ya maji ya chumvi. Yakitua kwenye machipukizi ya upande unaopigwa, yanaungua na kukauka. Pia upepo wenyewe unayasugua na kuyakausha. Machipukizi ya upande wa pili yamejificha nyuma ya shina, kwa hiyo yanapona na kuwa matawi. Mwaka baada ya mwaka, upande mmoja unabaki mtupu na mwingine unarefuka. Kumbuka basi: matawi yanaonyesha upepo unakokwenda. Unakotoka ni upande ule mtupu.

Kwetu tuna pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi takriban Aprili hadi Septemba kutoka kusini na kusini-mashariki. Kwa kawaida kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayokuta mazao ya masika yakiwa shambani. Ndiyo maana miti mingi iliyo wazi kwa bahari imelala kuelekea kaskazini-magharibi.

Sasa tupime. Tafuta mivinje au miti mingine mitano hivi iliyosimama peke yake mahali pa wazi. Simama kwenye shina, geukia matawi yanakoelekea, fungua dira ya simu na uandike nyuzi. Tuseme umepata 305, 315, 320, 310 na 320. Wastani ni 314. Toa 180, unabaki na 134. Huko ndiko upepo unakotoka, yaani kusini-mashariki.

Ukikuta mti mmoja unaosema 40 wakati wenzake wako kwenye 300 na kitu, uchunguze kabla ya kuuhesabu. Tazama kama una makovu ya panga, kama uko chini ya nyaya za umeme, au kama mti mkubwa jirani umeuzibia jua. Mnazi usiutumie kabisa: hauna matawi, na shina lake mara nyingi huinamia mwanga, hata kuelekea baharini upepo unakotoka. Kwenye mteremko pia, udongo ukisogea shina hulala ingawa matawi yamejaa pande zote. Dalili ya upepo ni upande mmoja kukosa matawi, na miti kadhaa kukubaliana.

Ukishajua upepo unatoka nyuzi 134, mstari wa miti ya kinga uukate upepo huo. Utoke kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na ukae upande wa kusini-mashariki wa shamba. Kosa ninaloliona sana ni mtu kupanda mstari kufuata barabara kwa sababu ni rahisi kunyoosha kamba. Mstari ukilala sambamba na upepo, upepo unapita pembeni yake na migomba inaendelea kuanguka.

Chukua shamba la mita 60 kwa 70, yaani ekari moja na kidogo, ambalo mipaka yake imeelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Huna haja ya kukata shamba katikati kwa mshazari. Panda mpaka wa mashariki na mpaka wa kusini, vikutane kwenye kona. Kinga nzuri hufika kama mara kumi ya urefu wa miti. Mivinje ya mita 3 itakinga mita 30 hivi, yaani nusu tu ya shamba. Ikifika mita 8 itatosha shamba zima. Kwa hiyo miaka ya mwanzo weka migomba karibu na kona ile, na mihogo mbali zaidi.

Usiibane miti ikawa ukuta. Upepo ukizuiwa kabisa unaruka juu na kushuka kwa kishindo nyuma yake. Ukiangalia mstari kutoka mbele, uone mwanga ukipenya karibu nusu. Na usiache pengo la kupitisha mkokoteni upande huo, kwa sababu upepo hujikusanya hapo na kupita kwa kasi kuliko hata shamba lisilo na kinga. Njia ya kuingilia iweke kaskazini au magharibi.

Jambo la mwisho: mti unakumbuka upepo mkali kuliko wote, hausemi habari za mwaka mzima. Kama zao lako linaumia Januari, matawi hayatakuambia. Hapo funga kitambaa kwenye mti wa mita 2 katikati ya shamba, ukiangalie asubuhi na alasiri kwa wiki mbili za kaskazi, ndipo uamue kama mpaka wa kaskazini nao unahitaji miti.