Kyubiti Inapopoteza Nishati

Kyubiti ni mfumo wa kwanta wenye hali mbili, moja ya chini inayoandikwa 0 na nyingine ya juu inayoandikwa 1. Katika kompyuta nyingi za kwanta zinazojengwa leo, kyubiti ni sakiti ndogo ya aluminiamu iliyochorwa juu ya kipande cha silikoni, ya aina iitwayo transmoni, ambayo nadharia yake ilitolewa mwaka 2007 na kundi la Chuo Kikuu cha Yale. Hali ya 1 ina nishati zaidi kuliko hali ya 0, na tofauti hiyo inalingana na mawimbi ya takriban gigahezi 5, masafa yaleyale yanayotumiwa na waifai. Sakiti hukaa ndani ya jokofu maalumu, lakini hata humo haiko peke yake. Imeunganishwa na nyaya za kuiongoza na kuisoma, na imezungukwa na tabaka jembamba la oksidi lenye kasoro zisizohesabika. Kupitia njia hizo nishati ya hali ya 1 huvuja, na kyubiti hushuka hadi 0.

Kufuatilia uvujaji huo kwa kuhesabu kila kitu kilichomo katika mazingira hakuwezekani. Kinachofanyika ni kuandika mlinganyo wa kyubiti pekee, ambamo mazingira yanaonekana kwa athari yake tu. Huo ndio mlinganyo mkuu. Umbo lake la jumla lilithibitishwa mwaka 1976 katika kazi mbili tofauti, moja ya Gorini, Kossakowski na Sudarshan, na nyingine ya Lindblad.

Mlinganyo huo haushughuliki na hali moja ya kyubiti, bali na jedwali la namba nne linaloitwa matriki ya msongamano, ρ. Namba mbili za mshazari ni uwezekano: ρ₁₁ ni uwezekano wa kuikuta kyubiti katika 1, na ρ₀₀ ni wa kuikuta katika 0. Jumla yake daima ni 1. Namba mbili zilizobaki, ρ₀₁ na ρ₁₀, ni mshikamano, yaani kipimo cha jinsi hali hizo mbili zinavyoshirikiana ndani ya kyubiti moja. Namba hizi mbili zina ukubwa uleule, kwa hiyo inatosha kufuatilia moja.

Tofauti ya vitu hivi viwili huonekana vizuri kwa jaribio dogo. Chukua kyubiti nyingi ambazo nusu yake zimewekwa katika 0 na nusu katika 1, bila mpangilio. Uwezekano ni nusu kwa nusu, mshikamano ni sifuri. Halafu chukua nyingine ambazo kila moja imewekwa katika mchanganyiko wa 0 na 1 kwa pamoja. Uwezekano ni uleule, nusu kwa nusu, lakini mshikamano ni 0.5, kiwango cha juu kabisa. Ukizisoma moja kwa moja huwezi kuzitofautisha. Lakini ukizipa zote mpigo wa mawimbi wa kuzigeuza robo mzunguko, uliopangwa vema, kundi la pili lote husomeka 1, na kundi la kwanza hubaki nusu kwa nusu. Hesabu ya kwanta hutegemea uwezo huo wa kundi la pili, na ndiyo maana kuupoteza mshikamano ni hasara hata pale ambapo uwezekano haujabadilika.

Kwa kyubiti inayopoteza nishati katika mazingira ya baridi kabisa, mlinganyo mkuu ni huu:

dρ/dt = −(i/ħ)[H, ρ] + γ( σ₋ρσ₊ − ½σ₊σ₋ρ − ½ρσ₊σ₋ )

Sehemu yenye H ni mwendo wa kawaida wa kyubiti, ambao huzungusha mshikamano bila kuupunguza. Habari yote ya uvujaji imo katika mabano ya mwisho. Herufi γ ni kasi ya kuvuja, na σ₋ ni alama ya kitendo cha kushuka kutoka 1 hadi 0, wakati σ₊ ni kinyume chake. Vitendo viwili vikifuatana, σ₊σ₋, vinafanya kazi ya kuuliza tu: je, hapa kuna 1? Palipo na 0, jibu ni sifuri.

Yafaa kuyasoma mabano hayo polepole, maana kanuni nzima imejificha humo. Kila namba ya jedwali ina pande mbili, kushoto na kulia. Namba ρ₁₁ ina 1 pande zote mbili. Kipengele cha pili cha mabano kinauliza swali lake kushoto na kupunguza kwa nusu ya γ. Cha tatu kinauliza kulia na kupunguza kwa nusu nyingine. Kwa ρ₁₁ nusu mbili zinajumlishwa, hivyo inapungua kwa kasi kamili ya γ. Mshikamano ρ₀₁ una 1 upande mmoja tu. Unaguswa mara moja, na hupungua kwa nusu ya γ. Kipengele cha kwanza, kile ambacho ρ imebanwa katikati, huchukua kilichotolewa kwenye ρ₁₁ na kukiweka kwenye ρ₀₀, ili jumla ibaki 1. Mshikamano hauambulii chochote kutoka kwake.

Matokeo yanaandikika kwa mistari miwili:

ρ₁₁(t) = ρ₁₁(0) e^(−γt)

|ρ₀₁(t)| = |ρ₀₁(0)| e^(−γt/2)

Muda wa 1/γ huitwa T1. Muda wa mshikamano kushuka kwa kiasi kilekile huitwa T2, na hapa T2 ni mara mbili ya T1.

Tuseme T1 ni maikrosekunde 100, kiasi kinachofikiwa na transmoni nzuri, na kyubiti imeanzishwa katika mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Baada ya maikrosekunde 100, uwezekano wa 1 umeshuka kutoka 0.5 hadi 0.184, na wa 0 umepanda hadi 0.816. Mshikamano umeshuka kutoka 0.5 hadi 0.303 tu. Baada ya maikrosekunde 200, uwezekano wa 1 ni 0.068, lakini mshikamano bado ni 0.184.

Namba hizi ni wastani wa marudio mengi. Katika marudio ya kyubiti moja moja, nishati ama imetoroka ama haijatoroka. Kwa mfano huu, uwezekano wa kuwa imetoroka ndani ya maikrosekunde 100 za kwanza ni 0.316. Ajabu iko kwa zile ambazo hazijapoteza kitu. Kama mazingira yangechunguzwa kikamilifu na kuonekana kwamba hakuna kilichotoka, uwezekano wa kuzikuta katika 1 usingekuwa tena 0.5, bali 0.269. Kutopokea chochote nako ni habari: kila muda unavyopita kimya, ndivyo inavyoelekea zaidi kwamba kyubiti ilikuwa na 0. Kipengele cha pili na cha tatu cha mlinganyo ndivyo vinavyobeba athari ya ukimya huo, na cha kwanza kinabeba mruko wenyewe.

Je, mshikamano unaweza kudumu zaidi ya mara mbili ya T1? Hauwezi. Kwa jedwali lolote lenye maana ya kifizikia, mraba wa mshikamano haupaswi kuzidi ρ₀₀ ukizidisha kwa ρ₁₁. ρ₁₁ ikipungua kwa kasi ya γ, mraba wa mshikamano lazima hatimaye upungue angalau kwa kasi hiyohiyo, na mshikamano wenyewe angalau kwa nusu yake. Kupungua haraka zaidi kunaruhusiwa, na kwa kawaida ndiko kunakotokea. Masafa ya kyubiti hayatulii. Yanapoyumba kidogo, awamu ya mchanganyiko hutawanyika bila nishati yoyote kupotea. Uharibifu huo huongezwa kwenye mlinganyo kama kipengele cha pekee, na hesabu inakuwa:

1/T2 = 1/(2T1) + 1/Tφ

Hapa Tφ ni muda wa kutawanyika kwa awamu peke yake. Maabara ikipata T1 ya maikrosekunde 100 na T2 ya 120, basi Tφ ni 300, na fundi anajua kwamba hasara kubwa zaidi ya mshikamano bado inatokana na uvujaji wa nishati.

T1 hupimwa kwa kuipandisha kyubiti hadi 1, kusubiri, kisha kuisoma; kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kwa kila muda wa kusubiri. Kwa T2 hutolewa mipigo miwili ya robo mzunguko yenye nafasi kati yake. Mara nyingi huongezwa mpigo wa nusu mzunguko katikati, mbinu ya mwangwi iliyobuniwa na Erwin Hahn mwaka 1950, ambayo hufuta mayumbo ya polepole. Mtu akipata T2 inayozidi mara mbili ya T1 hajavunja sheria ya asili. Mara nyingi T1 imehama kati ya kipimo kimoja na kingine, kwani katika sakiti hizi huhamahama ndani ya saa chache. Dawa yake ni kupima kwa zamu, pointi moja ya T1 kisha moja ya T2, badala ya kumaliza kipimo kimoja kwanza.

Joto likiwapo, mazingira nayo huweza kuirudishia kyubiti nishati. Kipengele cha kupanda huongezwa. Kasi ya kushuka inakuwa γ(n+1) na ya kupanda γn, n ikiwa wastani wa fotoni za joto katika masafa ya kyubiti. T1 sasa inatokana na jumla ya kasi hizo, γ(2n+1), na mshikamano unaendelea kufifia kwa nusu ya jumla hiyo, hivyo kikomo hakibadiliki. Kinachobadilika ni mwisho: kyubiti haitulii tena kwenye 0 kamili. Kwa gigahezi 5 na jokofu la milikelvini 20, hesabu inatoa uwezekano wa 1 ulio chini ya moja kwa laki moja. Vipimo mara nyingi hutoa asilimia moja hivi, kama vile halijoto ni milikelvini 50, kwa sababu mionzi ya joto hupenya kupitia nyaya.

Mlinganyo huu wote una sharti moja, kwamba mazingira husahau mara moja. Nishati ikishatoka hairudi ikiwa na kumbukumbu ya awamu yake. Kasoro moja kwenye oksidi ikitokea kuwa na masafa sawa na ya kyubiti na kuungana nayo kwa nguvu, sharti hilo linavunjika. Mchoro wa T1, badala ya kushuka kwa ulaini, hushuka na kupanda tena, maana nishati inakwenda kwenye kasoro na kurejea. Kulazimisha mkunjo wa e^(−γt) juu ya mchoro wa namna hiyo hutoa γ isiyo na maana. Hapo kasoro huingizwa ndani ya mlinganyo kama kyubiti ya pili, jedwali linakuwa la namba 16, na usahaulifu unaachiwa mazingira yaliyobaki.