Je, Wajua? Kujikuna huzidisha mwasho

Mtoto mchanga mwenye pumu ya ngozi akijikuna mashavu, kucha huichubua ngozi ambayo tayari ni kavu. Iliyochubuka huvimba, huwasha zaidi, naye hujikuna tena. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato hupunguza mwasho huo, hasa yakipakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Yapakwe hata ngozi ikitulia.

Krimu ya steroidi aliyoandika daktari, kwa kawaida haidrokotisoni ya asilimia 1, hupakwa kwenye mabaka yaliyovimba tu. Mstari wa krimu unaofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja vyake viwili pamoja na vidole. Krimu kali kama klobetasoli, ambazo wengine hununua kung'arisha uso, zisimguse mtoto: huikondesha ngozi.