Mbwa Baharini: Simama Pale Unapotaka Atokee

Mbwa akichukuliwa na mkondo hatafuti nchi kavu iliyo karibu. Humtafuta mwenyewe. Mwenyewe akisimama ufukweni na kumwita, mbwa hugeuza kichwa na kuja moja kwa moja akishindana na maji yanayomrudisha nyuma, mpaka nguvu zinamwishia. Kwa hiyo usalama wake hautegemei miguu yake peke yake, bali pia mahali uliposimama wewe.

Mwambao wetu una ukuta wa matumbawe sehemu nyingi, na kati ya ukuta huo kuna milango ambako ngalawa hupita. Maji yakipwa, yale yaliyojaa ndani ya mwamba hutokea kwenye milango hiyo kwa kasi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na mkondo huwa mkali zaidi. Siku za maji mafu bahari huwa pole, na hizo ndizo za kumfundishia mbwa. Chagua saa ambayo maji yanaanza kujaa, mbali na mlango na mbali na mdomo wa mto.

Si kila mbwa anajua kuogelea. Wenye pua bapa na kifua kizito, kama bulldogi, huzama upesi, na wenye miguu mifupi huchoka mapema. Mvalishe jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, kisha funga kamba ndefu kwenye jaketi au mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni. Usimtupe majini. Mbwa aliyetupwa hujifunza kuogopa maji na kumwogopa aliyemtupa.

Siku ya kwanza, tembea naye maji yakiwa chini ya tumbo lake, mcheze, mpe kipande cha nyama, mtoke. Akiingia mwenyewe bila kuvutwa, songa mbele hadi miguu yake iache mchanga kwa hatua mbili tatu tu. Hapo tazama mgongo wake. Mbwa mwenye hofu hupiga maji kwa miguu ya mbele tu, akirusha matone juu, huku kiuno kikizama na mwili ukisimama wima. Weka mkono chini ya tumbo, karibu na mapaja, umwinue mpaka mgongo ulale sawa. Miguu ya nyuma ikianza kusukuma, povu hupungua na kichwa hutulia. Dakika chache zinatosha kwa siku. Akikakamaa, akitetemeka au mkia ukizama, mtoe.

Kabla ya kumwachia, soma bahari. Ukiona ukanda wa maji yaliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, rangi yake nzito zaidi, na povu au mwani unaelekea nje, hapo pana mkondo. Utulivu huo ndio unaowadanganya wengi.

Tuseme mbwa amekwisha kuingia humo, naye anachukuliwa. Usimwite kutoka pale ulipo. Kimbia ukifuata ufukwe, upande ambao maji yanaelekea au ambako mawimbi yanavunjika kuja nchi kavu, upite ule ukanda, kisha umwite. Akigeuka kukufuata, atakata mkondo kwa ubavu badala ya kupigana nao, na mawimbi yatamsaidia kurudi. Usijitose kumfuata, kwani mkondo uliomshinda yeye unaweza kukuzamisha wewe. Waite wavuvi au waokoaji wenye chombo.

Maji machafu hayana kelele kama mawimbi. Baada ya mvua za masika, mito hushusha taka na mikojo ya panya hadi ufukweni, na humo kuna vimelea vya leptospirosisi. Mbwa aliyeambukizwa huweza kupata homa, kutapika, kulegea, na macho kuwa manjano. Ugonjwa huu humpata binadamu pia. Chanjo ya mbwa ipo, na hurudiwa kila mwaka. Ziwani, kama Viktoria, jihadhari na maji ya kijani yanayofanana na rangi iliyomwagwa: sumu yake inaweza kumfanya mbwa ayumbe na kupatwa na degedege katika muda wa dakika au saa chache. Akiguswa nayo, mwoshe kwa maji safi kabla hajajilamba, umpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Chukua maji ya kunywa kila mnapokwenda baharini. Mbwa mwenye kiu hunywa ya chumvi, na chumvi nyingi huleta kuhara, kutapika, hata kifo. Akikohoa au kuhema kwa shida saa kadhaa baada ya kutoka majini, usisubiri kesho: mpeleke kwa daktari.