Manukato ya vyumbani: bei ya kopo si gharama ya mwezi

WENYE maduka ya vifaa vya nyumbani, pamoja na wenye nyumba za wageni, saluni na ofisi, huchagua kati ya aina tatu za manukato ya vyumbani. Ya kwanza ni ya kopo, yanayopulizwa. Ya pili ni ya kuchomeka kwenye soketi ya umeme. Ya tatu ni chupa ya mafuta yenye vijiti. Kwa kutazama rafu, kopo ndilo rahisi kuliko yote. Hesabu ya mwezi mzima, hata hivyo, inaweza kutoa jibu jingine.

Chukua mfano wa nyumba ndogo ya wageni jijini Dar es Salaam, yenye sehemu ya mapokezi na choo kimoja cha wageni. Tuseme kopo la mililita 300 linauzwa Sh 6,000. Kifaa cha soketi ni Sh 18,000 pamoja na chupa yake ya kwanza, na chupa ya kubadilisha ya mililita 20 ni Sh 12,000. Chupa ya vijiti ya mililita 100 ni Sh 24,000. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za soko lake, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Gharama

Tuseme kopo lina gramu 240 na hutoa gramu moja kwa kila sekunde ya kubonyeza. Anayebonyeza sekunde mbili kila mara atapata mipulizo 120. Akipuliza mara nne kwa siku, kopo litakaa siku 30, na gharama ya mwezi ni Sh 6,000. Akipuliza mara kumi, litakwisha siku ya 12. Mwezi utahitaji makopo mawili na nusu, yaani Sh 15,000. Gharama ya kopo basi huamuliwa na mkono wa mhudumu.

Kifaa cha soketi hutumia umeme kidogo sana. Chenye wati mbili, kikiwaka usiku na mchana kwa siku 30, hula uniti 1.44. Hata uniti moja ikihesabiwa Sh 350, umeme wa mwezi ni kama Sh 500. Fedha inakwenda kwenye chupa ya kubadilisha. Kwa kiwango cha kati, bila kuzimwa, tuseme chupa hiyo inakaa siku 30. Jumla inakuwa Sh 12,500. Swichi ya soketi ikizimwa usiku kwa saa 12, chupa hufika karibu siku 60 na gharama hushuka hadi Sh 6,250 hivi. Mnunuzi asome vizuri maandishi ya pakiti, kwani idadi kubwa ya siku inayotajwa pale kwa kawaida ni ya kiwango cha chini kabisa.

Chupa ya vijiti ikikaa miezi miwili, gharama yake ni Sh 12,000 kwa mwezi, bila umeme na bila kubonyeza. Lakini haina swichi. Harufu hutoka hata chumba kikiwa kitupu, na feni au joto la pwani huweza kuimaliza mapema.

Nguvu ya harufu

Tofauti ya nguvu inatokana zaidi na kasi ya kutoka kuliko wingi wa mafuta. Ndani ya kopo, sehemu kubwa ni gesi ya kusukuma na maji au spiriti; manukato yenyewe ni kidogo. Yanatoka yote kwa mara moja, kwa hiyo harufu hupanda ghafla, kisha hufifia kadiri hewa inavyobadilika. Hilo linafaa chooni, ambako harufu mbaya huja na kuondoka.

Kifaa cha soketi hupasha moto utambi uliozama kwenye mafuta mazito ya manukato. Harufu yake ni ya mfululizo, na kirungu chake huipandisha au kuishusha. Umeme ukikatika, nayo hukoma.

Vijiti hufanya kazi pole pole. Mafuta hupanda kwenye vitundu vyembamba vya henzirani, kisha huvukiza juu. Ndiyo maana vijiti vya mwanzi wenye vifundo havifai: kila kifundo huziba njia. Vumbi na mafuta yaliyoganda huziba pia. Chupa ikiwa bado nusu lakini haitoi harufu hata baada ya vijiti kugeuzwa, dawa yake ni vijiti vipya, si mafuta mengine.

Jambo moja hupoteza fedha katika aina zote tatu. Pua ya mtu anayekaa chumbani huzoea harufu ndani ya dakika chache, naye hudhani imekwisha. Mhudumu huongeza, na mgeni anayeingia hukuta harufu kali mno. Kipimo rahisi ni kutoka nje robo saa na kurudi, au kumuuliza anayeingia.

Hewa ya ndani

Hakuna hata aina moja kati ya hizi inayosafisha hewa. Zote huongeza kemikali juu ya harufu iliyopo. Baadhi ya manukato ya limau, chungwa na msonobari yana limonini na jamaa zake, ambazo zikikutana na ozoni hutengeneza formaldehaidi na chembe ndogo sana zinazoingia mapafuni. Ozoni huingia kutoka nje, na pia hutolewa na baadhi ya mashine za kunakili na za kusafisha hewa. Chumba chenye mashine ya namna hiyo, kifaa cha soketi na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya kiyoyozi ndicho cha kuangaliwa zaidi.

Kopo huongeza ukungu wa matone madogo, ambao mwenye pumu huweza kuusikia papo hapo. Vijiti havina ukungu wala moto, lakini navyo huvukiza usiku na mchana, na mafuta yake ni hatari mtoto akiyanywa. Pia huharibu vanishi ya meza. Udi na ubani navyo si kimbilio, kwa kuwa kitu kinachoungua hutoa moshi. Mteja akilalamika kuumwa kichwa au kukohoa, hatua ya kwanza ni kuondoa manukato na kufungua madirisha. Harufu ya uvundo ikirudi, chanzo chake ni bomba, zulia au ukuta wenye unyevu, na huko ndiko fedha inakotakiwa.

Kwa mwenye duka

Kopo huzunguka haraka na hufunga mtaji mdogo, lakini gesi yake kwa kawaida ni butani na propani, zinazowaka. Makopo yasiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Onyo la kawaida kwenye kopo ni kutopita nyuzi joto 50. Kifaa cha soketi huleta mteja tena na tena kwa ajili ya chupa, ila chupa ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye kifaa cha nyingine. Anayeagiza vifaa bila chupa za kutosha atabaki na mzigo, na vyenye pini mbili za duara haviingii vizuri katika soketi zetu za pini tatu. Chupa za vijiti hukaa rafuni muda mrefu na huvuja zikilazwa.

Kwa nyumba ile ya wageni, mgao unaofaa ni kopo chooni, kwa mipulizo isiyozidi minne kwa siku, na kifaa cha soketi mapokezini, kikizimwa usiku. Jumla ni kama Sh 12,250 kwa mwezi, baada ya kifaa kununuliwa. Penye umeme wa kukatika-katika, vijiti vichukue nafasi ya soketi, na jumla ipande hadi Sh 18,000.