Saa Moja ya Betri: Uitoe Leo au Ikutoke Kesho

Kompyuta mpakato nyingi za ofisini hazisafiri. Zinachomekwa Jumatatu asubuhi na kukaa mezani zikionyesha asilimia 100 mpaka Ijumaa jioni. Baada ya mwaka mmoja au miwili mwenyewe anainuka nayo kwenda kikaoni, na ajenda ya pili haijafika, inazimika. Analalamika: betri yenyewe sijaitumia, imekufaje? Imekufa kwa kukaa imejaa.

Kuchaji seli ya lithiamu ni kuziondoa ayoni za lithiamu upande chanya, wenye oksidi za metali kama kobalti na nikeli, na kuzipenyeza katika tabaka za grafiti upande hasi. Kadiri zinavyohama ndivyo volti inavyopanda, na seli ya kawaida huhesabiwa imejaa ikifika volti 4.2. Hapo upande chanya, uliobakiwa na lithiamu kidogo, huanza kuiharibu elektroliti, yaani kimiminika zinamopita ayoni. Upande hasi nao elektroliti huvunjika na kuunenepesha utando unaoifunika grafiti. Utando huo hunasa lithiamu, na lithiamu iliyonaswa hairudi tena kazini. Haya yote hutokea hata kompyuta ikiwa imezimwa, na joto huyaharakisha.

Katika jedwali moja ambalo mafundi wa betri hulitaja sana, seli iliyowekwa mwaka mzima katika nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Iliyowekwa ikiwa imejaa hubaki na 80. Katika nyuzi 40, joto ambalo betri iliyo chini ya kibodi hulifikia bila shida, ile iliyojaa hushuka hadi 65.

Ukiikomesha chaji kwenye asilimia 80, seli husimama karibu na volti 4.0. Pengo linaonekana dogo, lakini kwa kanuni ya makadirio ya mafundi hao, kila sehemu moja ya kumi ya volti unayopunguza karibu huzidisha maradufu mizunguko ya chaji ambayo seli itavumilia.

Faida hiyo ina bei, na bei hulipwa siku ya kwanza. Chukua betri ya wati-saa 50 katika kompyuta inayokula wati 10: ikijaa, inakupa muda wa saa 5. Ukiiwekea kikomo cha asilimia 80, una wati-saa 40, yaani saa 4. Sasa itazame ile isiyo na kikomo, baada ya uwezo wake kuchakaa hadi asilimia 80. Nayo inakupa saa 4, ila saa yake iliyopotea hairudi kwa namna yoyote. Wewe mwenye kikomo unakiondoa usiku wa kuamkia safari, unachaji mpaka 100, na kesho yake unapata karibu saa zote 5. Kwangu mimi faida iko hapo hasa.

Kikomo hakizuii uzee, kinauchelewesha tu. Asilimia 80 huhesabiwa kwa uwezo wa betri wa sasa: ukishuka hadi wati-saa 45, unachopata ni 36.

Kwenye Windows kikomo huwa katika programu ya mtengenezaji wa kompyuta au kwenye BIOS. Kwenye Linux, kwa mashine zinazokubali, ni amri moja (jina BAT0 linaweza kuwa BAT1):

```
echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold
```

Kujua betri imechakaa kiasi gani, andika `powercfg /batteryreport` kwenye Windows, kisha linganisha `FULL CHARGE CAPACITY` na `DESIGN CAPACITY`.

Je, umeme ukikatika? Ikiwa unakatika mara kwa mara kwa muda mrefu na kazi yako haisubiri, jaza betri, itakufaa zaidi leo kuliko miaka mitatu ijayo. Simu nayo ni hivyo hivyo. Aipfoni 15 za mwaka 2023 zilikuja na kikomo cha asilimia 80, lakini mtu ambaye simu humzimikia kabla ya magharibi hana sababu ya kujibana. Kinamfaa anayeiacha kwenye chaja usiku kucha na kurudi jioni ikiwa bado na nusu. Betri za chuma na fosfeti zina utaratibu wake: Tesla huwashauri wenye magari ya aina hiyo wayajaze mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki, ili gari lipime chaji iliyobaki kwa usahihi.

Na ukiona kipanya cha kugusa kimeinuka, au mfuniko wa chini haufungi sawasawa, betri imevimba. Hapo kikomo hakisaidii tena. Zima kompyuta, usiichaji, usiitoboe, mpelekee fundi aibadilishe.