Jani la maharage, mtandao wa neva na gharama inayofika kwenye simu

Mkulima wa Dongobesh, Mbulu, au Basotu, Hanang, anayepiga picha jani la maharage lenye madoa anataka jibu akiwa shambani, hata pale simu isipokamata mtandao. Kwa hiyo programu ya kutambua ugonjwa inabidi ikae ndani ya simu yenyewe. Picha za kuifunzia zipo: mwaka 2020 maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitoa seti iitwayo ibean, yenye picha 1,295 zilizopigwa Uganda, za majani yenye kutu, yenye madoa ya pembe na yaliyo mazima. Linalobaki ni kuchagua namna ya kufunza mtandao wa neva wenye matabaka mengi, na hapo gharama hutofautiana sana.

Mtandao hujifunza kwa kurudisha kosa nyuma, kutoka kwenye jibu hadi tabaka la kwanza. Ujumbe huo wa kosa, yaani gradienti, huzidishwa upya katika kila tabaka unalopita. Sepp Hochreiter alilichambua tatizo lake mwaka 1991: ukizidisha mara nyingi kwa namba iliyo chini ya 1, ujumbe hufifia, ikiwa juu ya 1, hulipuka.

Ishara inayokwenda mbele hufuata hesabu hiyohiyo. Tuchukue tabaka linalosoma vipande vya 3 × 3 kutoka chaneli 64, kwa hiyo kila neva hupokea namba 576. Ukianza na uzito wa kubahatisha wenye mtawanyiko wa 0.01, nguvu ya ishara hubaki kama 0.17 kila tabaka, na baada ya matabaka 10 imebaki kama 2 kati ya milioni 100. Ukiweka 0.1, ishara hukua mara 1.7 kila tabaka, na baada ya matabaka hayohayo 10 imekua karibu mara 200. Kaiming He na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba, kwa neva zinazofuta namba hasi, mtawanyiko unaofaa ni kipeuo cha pili cha 2/576, yaani 0.059. Uchaguzi huu hauongezi kumbukumbu wala muda. Ni mstari mmoja tu:

```python
torch.nn.init.kaiming_normal_(tabaka.weight)
```

Kasoro yake ni kwamba unalinda mwanzo tu. Uzito ukishaanza kubadilika, hakuna kinachoushikilia. Ndiyo maana wengi huongeza usawazishaji wa kundi, ulioletwa na Ioffe na Szegedy mwaka 2015: namba za kila chaneli hupunguzwa wastani wake na kugawanywa kwa mtawanyiko wake, vyote vikipimwa kwenye kundi la picha zinazofunzwa pamoja. Bei yake wakati wa mafunzo si ndogo. Picha ya 224 × 224 yenye chaneli 64 hula takriban MB 12.8 katika tabaka moja. Kwa kundi la picha 32 ni kama MB 411, na usawazishaji kwa kawaida hudai nakala nyingine ya kiasi hicho. Mwenye kadi ndogo ya michoro atapunguza kundi hadi picha 2 au 4, na hapo wastani unayumba kiasi cha kuharibu mafunzo.

Wu na He walitoa njia nyingine mwaka 2018, usawazishaji wa mafungu ya chaneli, unaopima ndani ya picha moja na kwa hiyo haujali ukubwa wa kundi. Anayefunza atauona kuwa nafuu. Lakini hesabu hiyo lazima irudiwe kwa kila picha, na anayeilipia ni simu ya mkulima. Usawazishaji wa kundi, mafunzo yakiisha, hutumia wastani uliohifadhiwa. Unaweza kuuyeyusha ndani ya uzito wa tabaka lililotangulia, na simu isilipe chochote. Kwa kazi ya Mbulu na Hanang mimi ningechagua huu, na ningeanza na mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha nyingi za kawaida. Picha 1,295 ni chache mno kwa kuanzia sifuri, na uzito uliokwisha kufunzwa ndio mwanzo bora kuliko wowote wa kubahatisha.

Kabla ya kulipia dawa yoyote, pima ugonjwa. Baada ya `loss.backward()`, andika:

```python
for jina, w in model.named_parameters():
    print(jina, w.grad.norm().item())
```

Matabaka ya mwanzo yakiwa chini ya yale ya mwisho kwa mara maelfu, gradienti inafifia. Ukiona `nan`, yaelekea imelipuka. Kuikata kwa `clip_grad_norm_` ni rahisi na kunazuia mlipuko, lakini hakufufui kilichofifia.

Wastani uliohifadhiwa una deni lake: ulipimwa kwa mwanga na udongo wa Uganda. Picha za Katesh zikitofautiana sana na hizo, usahihi hushuka. Picha mia chache za mashamba ya huku, hata zisizo na jina la ugonjwa, zinatosha kupima wastani upya bila kugusa uzito. Hazitaufundisha mtandao ugonjwa ambao haukuwamo kwenye picha za awali. Huo unahitaji mtaalamu wa mimea aziwekee picha majina, na gharama hiyo hakuna usawazishaji unaoipunguza.